Matriksi inazungusha nyuzi 45, mbona vekta yangu imegeuka nyuzi 18?

*Shikamoo mwalimu. Nina matriksi yenye safumlalo mbili: 3, −5 na 1, −1. Thamani aigeni nimepata 1 + i na 1 − i. Darasani tuliambiwa maana yake ni kwamba matriksi inazungusha kwa nyuzi 45 na kukuza mara 1.41. Nikajaribu na vekta (2, 1): imegeuka nyuzi 18 tu, tena imefupika! Na vekta aigeni yenyewe ina i ndani, siwezi hata kuichora. Inaonyesha kitu gani hasa?*

Marahaba. Hesabu zako zote ni sahihi, na ulichoambiwa darasani nacho ni sahihi, ila kimekatwa nusu. Nusu iliyobaki imo kwenye hiyo vekta aigeni usiyoweza kuichora, na ukishaipata utaichora vizuri tu.

Kwanza usiishie kwenye hatua moja. Matriksi tuiite A, kisha matokeo ya kila hatua uyarudishe ndani yake:

```
hatua   vekta       urefu   imegeuka (nyuzi)
0       (2, 1)      2.24    
1       (1, 1)      1.41    18.4
2       (-2, 0)     2.00    135.0
3       (-6, -2)    6.32    18.4
4       (-8, -4)    8.94    8.1
```

Itazame safu ya mwisho. Mara ya kwanza vekta inajongea kidogo, mara ya pili inaruka karibu nusu ya mzunguko, kisha inarudia kujongea. Ukizijumlisha pembe hizo nne unapata nyuzi 180, ukiacha kipande kidogo kilichopotea kwenye kukadiria desimali. Na (−8, −4) ni (2, 1) iliyogeuzwa kuelekea upande wa pili na kukuzwa mara 4 kamili. Nyuzi 45 mara nne ni 180. Kipeuo cha pili cha 2, yaani hiyo 1.41, ukikizidisha chenyewe kwa chenyewe mara nne unapata 4. Jaribu pia kuanzia (1, 0): utapita (3, 1), (4, 2), (2, 2) na kufika (−4, 0). Popote utakapoanzia, hatua nne zitakupeleka kwenye −4 ya pale ulipoanzia.

Kwa hiyo ahadi ya nyuzi 45 inatimia kwa jumla, lakini hatua mojamoja zinaonekana kuivunja. Wengi huishia kusema basi ni wastani. Mimi siridhiki na jibu hilo, kwa sababu ukweli una nguvu zaidi: A inazungusha nyuzi 45 kamili na kukuza mara 1.41 kamili katika kila hatua, hata ile ya kwanza. Kilichokupotosha ni kipimo. Umepima pembe na urefu kwa mihimili ya x na y, na A haina habari na mihimili hiyo. Ina mihimili yake.

Mihimili hiyo ndiyo inayokaa ndani ya vekta aigeni. Tuitafute kwa λ = 1 − i. Safumlalo ya pili ya mlinganyo (A − λ)v = 0 inasema x + (−2 + i)y = 0, yaani x = (2 − i)y. Chukua y = 1, upate v = (2 − i, 1). Sasa itenganishe sehemu halisi na sehemu ya kufikirika:

```
v = u + i w
u = (2, 1)
w = (-1, 0)
```

Hizi u na w ni vekta za kawaida kabisa, namba halisi tupu, unaweza kuzichora kwenye karatasi ya miraba. Na kwa bahati u ni ileile (2, 1) uliyoijaribu. Tunajua kwamba Av = λv. Upande wa kushoto ni Au + i Aw, kwa kuwa A ni ya namba halisi na haichanganyi sehemu hizo mbili. Upande wa kulia ni (1 − i)(u + iw), na ukifungua mabano unapata (u + w) + i(w − u). Sehemu halisi lazima ilingane na sehemu halisi, na ya kufikirika na ya kufikirika:

```
A u = u + w
A w = w - u
```

Hakikisha kwa namba: u + w ni (1, 1), na kweli hapo ndipo A ilipoipeleka (2, 1). Pia w − u ni (−3, −1), na ukizidisha A kwa (−1, 0) unapata hiyohiyo.

Simama hapa kidogo, maana jibu la swali lako liko kwenye mistari hiyo miwili. Weka u mahali pa (1, 0), na w mahali pa (0, 1). Mstari wa kwanza unasema (1, 0) inakwenda (1, 1), na wa pili unasema (0, 1) inakwenda (−1, 1). Huko ni kuzungusha nyuzi 45 na kukuza mara 1.41, bila kombo lolote. Kwa hiyo mtu anayehesabu nafasi kwa kusema “u ngapi na w ngapi”, badala ya “x ngapi na y ngapi”, anaiona A ikizungusha sawasawa katika kila hatua. Wewe umetazama mzunguko huohuo kupitia mihimili isiyo yake.

Sasa mzunguko huo unaonekanaje kwetu sisi tunaotumia x na y? Chukulia umechora duara kwenye kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ukaugawa mzingo wake kwa nukta nane zilizoachana sawa, kisha ukauvuta mpira kwa mshazari. Duara linakuwa duaradufu. Nukta ni zilezile na mpangilio wake haujabadilika, ila mtu aliyesimama katikati anaona baadhi yake zimesongamana kuelekea ncha mbili za mbali, na nyingine zimetengana sana upande mwembamba.

Duaradufu yetu ina mlinganyo, na unapatikana kwa mistari miwili. Vekta (x, y) ikiandikwa kama a u + b w, basi x = 2a − b na y = a. Hivyo a = y, na b = 2y − x. Duara katika mihimili ya A ni a² + b² = 1, ambayo kwa x na y inakuwa:

```
Q(x, y) = x² - 4xy + 5y² = 1
```

Ukiichora utaona ni nyembamba mno. Nusu ya urefu wake ni 2.41, nusu ya upana wake ni 0.41, na imelala kwa mwinuko wa nyuzi 22.5 kutoka mhimili wa x. Vekta yako (2, 1) iko kwenye nyuzi 26.6, yaani imeivuka ncha ya mbali kidogo tu. Ndiyo maana hatua ya kwanza ilionekana kama kujongea: ulikuwa bado karibu na ncha, mahali ambapo nukta zimesongamana. Hatua ya pili ilivuka upande mwembamba, na kutoka katikati ikaonekana kama mruko wa nyuzi 135. Lakini yote mawili ni sehemu moja ya nane ya mzunguko. Ukitaka kipimo kinachoshikika, tumia eneo badala ya pembe: kipande cha duaradufu kilichomo ndani ya zile nyuzi 18.4 za kwanza na kipande kilichomo ndani ya zile nyuzi 135 vina eneo sawasawa, kila kimoja moja ya nane ya eneo lote.

Na urefu je? Weka vekta za jedwali letu kwenye Q. Kwa (2, 1) unapata 4 − 8 + 5 = 1. Kwa (1, 1) unapata 2. Kwa (−2, 0) ni 4, kwa (−6, −2) ni 8, kwa (−8, −4) ni 16. Inaongezeka maradufu kila hatua bila kukosea. Q ni mraba wa urefu kwa kipimo cha A, hivyo urefu wenyewe unakua mara 1.41 kila safari. Vekta yako ilifupika kwa rula ya kawaida kwa sababu ilitoka karibu na ncha ya duaradufu ndogo ikaenda kwenye duaradufu kubwa kidogo, lakini mahali pa kuelekea upande mwembamba. Imepanda ngazi, ila imetua sehemu iliyo karibu zaidi na kitovu.

Sasa nirudi kwenye swali lako la msingi. Vekta aigeni ya namba halisi inaonyesha mstari ambao matriksi haiuhamishi. Vekta aigeni ya namba changamano inaonyesha duaradufu yenye mwelekeo wa kuzunguka. Si mshale mmoja. Kwa mstari unajua kwamba (1, 2) na (3, 6) ni jibu lilelile, kwa sababu zote zinauonyesha mstari uleule. Hapa pia una uhuru wa kuizidisha v kwa namba yoyote, na safari hii hata kwa namba changamano. Izidishe kwa cos θ + i sin θ, uchukue sehemu halisi tu, na utapata u cos θ − w sin θ. Ipitishe θ kwenye nyuzi zote 360 na nukta hiyo itachora duaradufu yetu nzima. Kila θ inakupa u na w tofauti, lakini duaradufu haibadiliki. Na kwa kuwa Av ni sawa na (1 − i)v, kazi yote ya A ni kuikuza duaradufu mara 1.41 na kusogeza nukta zake moja ya nane ya njia.

Hilo ni muhimu siku utakapotumia kompyuta, kwa sababu haitakupa v niliyoipata mimi:

```python
import numpy as np
A = np.array([[3, -5], [1, -1]])
thamani, V = np.linalg.eig(A)
print(thamani)
print(V)
```

Kwa thamani 1 − i utaona safuwima yenye 0.913 na 0.365 + 0.183i. Programu inaipa vekta urefu wa 1, na inaizungusha ili kijenzi chake kikubwa zaidi kiwe namba halisi. Kwa hiyo u yake ni (0.913, 0.365) na w yake ni (0, 0.183). Hazifanani na (2, 1) na (−1, 0) hata kidogo, na mwanafunzi anayelinganisha kijenzi kwa kijenzi atadhani mmoja wetu amekosea. Ziweke kwenye Q: zote mbili zinatoa 0.167, yaani moja ya sita. Ziko kwenye duaradufu moja, yenye umbo na mlalo uleule, ila imepunguzwa. Na ile sheria ya Au = u + w inashika vilevile: jumla yao ni (0.913, 0.548), na A ukiizidisha kwa (0.913, 0.365) inatoa hiyohiyo.

Kuhusu ile thamani nyingine, 1 + i, vekta yake ni u − iw. Duaradufu ni hiyohiyo, ila inazungukwa kwa upande wa pili. Haikuletei habari mpya, na ndiyo maana thamani hizi huja mbili mbili kwa matriksi ya namba halisi. Lakini hapo pana mtego ambao huwanasa watu kwenye mitihani: kuchukua thamani ya mmoja na vekta ya mwenzake. Ukiweka 1 + i pamoja na v = u + iw, mwelekeo unageuka, na unaandika kwamba A inazungusha kwa mwendo wa saa ilhali inakwenda kinyume chake. Dawa ni kuhesabu Au moja kwa moja. Hapa lazima upate (1, 1). Ikiwa mpangilio wako unadai Au ni u − w, yaani (3, 1), umechanganya.

Unaweza pia kuujua mwelekeo bila kugusa i. Chukua vekta p = (x, y) na Ap = (3x − 5y, x − y). Eneo la msambamba wao, lenye alama chanya ikiwa Ap iko upande wa kinyume cha mwendo wa saa, ni x(x − y) − y(3x − 5y). Fungua mabano: x² − 4xy + 5y². Ni Q ileile! Nakiri mimi hufurahi kila ninapoliona hili likijitokeza. Q ni chanya kila mahali isipokuwa kwenye kitovu, kwa hiyo kila vekta inageuzwa kinyume cha mwendo wa saa, hakuna hata moja inayosalimika. Ndiyo sababu hakuna mstari unaobaki mahali pake, na ndiyo sababu mlinganyo wa thamani aigeni ulikulazimisha kuingia kwenye namba changamano.

Linganisha na matriksi yenye safumlalo 1, −1 na 1, 1. Nayo ina 1 + i na 1 − i. Lakini vekta yake kwa 1 − i ni (1, i), hivyo u ni (1, 0) na w ni (0, 1). Ziko kwenye pembe mraba, zina urefu sawa, na duaradufu yake ni duara kamili. Kwa matriksi hiyo rula ya kawaida inatosha: kila vekta itageuka nyuzi 45 mbele ya macho yako. Thamani aigeni zinasema mzunguko ni wa kiasi gani, ila haziwezi kukuambia umbo la njia. Ukiambiwa “1 + i” peke yake hujui kama uko kwenye duara au kwenye duaradufu nyembamba kama yetu.

Tofauti hiyo si ya mapambo. Gawanya A kwa 2, na thamani zinakuwa 0.5 ± 0.5i, zenye ukubwa wa 0.71. Kila mtu atakuambia mfumo huo unatulia, vekta zinazunguka huku zikisinyaa kuelekea sifuri. Ni kweli, mwishoni. Lakini anza na (−2, 0), yenye urefu wa 2. Hatua moja inaipeleka kwenye (−3, −1), yenye urefu wa 3.16. Imekua kwa zaidi ya nusu ndani ya mfumo unaotulia! Kwa kipimo cha Q hakuna ajabu: Q imeshuka kutoka 4 hadi 2, na itaendelea kushuka kwa nusu kila hatua. Ila kama namba hizo ni volti kwenye saketi, au mtikisiko wa nguzo, kitakachokatika kitakatika kwa volti au mtikisiko halisi, si kwa Q. Kadiri duaradufu inavyokuwa nyembamba, ndivyo ukuaji huo wa mpito unavyoweza kuwa mkubwa. Kwetu urefu wa duaradufu ni mara 5.8 ya upana wake, kwa hiyo urefu wa kawaida unaweza kupanda kwa muda, lakini hauwezi kamwe kuzidi mara 5.8 ya ule wa mwanzo. Kikomo hicho unakisoma kwenye u na w tu. Ukubwa wa 0.71 haukupi.

Ukifika kwenye matriksi za 3 kwa 3, mambo ni haya haya ndani ya bapa moja. Daima kutakuwa na thamani halisi angalau moja yenye mstari wake, na kama nyingine mbili ni changamano, u na w zake zinatandaza bapa ambalo matriksi hairuhusu vekta zake kutoka. Duaradufu inalala ndani ya bapa hilo. Ila usidhani kwamba mstari ule lazima usimame wima juu ya bapa. Katika mzunguko halisi wa kitu kigumu ndivyo ilivyo, lakini kwa matriksi ya kawaida unaweza kuinama kwa pembe yoyote isiyoulaza ndani ya bapa, na ukiuchora umesimama wima kwa mazoea, mchoro wako utakuwa wa matriksi nyingine.